Krupu: Mtoto Anapobweka Usiku wa Manane

Saa nane usiku, mwezi wa Julai, Njombe. Mtoto wa kiume wa miezi 18 aliyelala na mafua ya kawaida anaamka ghafla akikohoa, na kikohozi chenyewe nyumba haijapata kukisikia. Ni kikavu, kizito, kinatoka kooni kama mbwa anayebweka. Sauti imemkauka, akilia kilio kinakwaruza. Baina ya kikohozi na kikohozi, kila anapovuta hewa, kunatoka mlio mkali unaosikika mpaka chumba cha pili. Mama anawasha taa, baba anatafuta viatu. Bibi, ambaye ameona watoto wengi wakikohoa, anasema: “Huyu kimeo kimemwangukia.”

Mtoto huyu ni wa mfano, lakini usiku wake ni wa kweli na hutokea kwenye nyumba nyingi kuliko wazazi wanavyodhani. Ugonjwa huo huitwa krupu. Huletwa na virusi, mara nyingi vile vya kundi la parainfluenza, ingawa vya mafua makali na vya korona navyo huweza. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 3, wavulana zaidi kidogo kuliko wasichana, na baada ya miaka 6 huwa nadra. Huanza kwa siku moja au mbili za kamasi na homa ndogo, kisha usiku mmoja virusi vinateremka kooni.

Wengi wa watoto hawa hupona wenyewe nyumbani. Wachache huhitaji hospitali, tena haraka. Kinachowatatiza wazazi ni kwamba kelele inayowatisha zaidi, yaani ule mbweko, haisemi lolote kuhusu mtoto yupo kundi gani. Mtoto anaweza kubweka usiku kucha asiwe hatarini, na mwingine akanyamaza kabisa huku hali inazidi kuwa mbaya. Cha kupima ni pumzi, na ipimwe mtoto akiwa ametulia.

Sababu iko kwenye umbo la koo lenyewe. Chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya hewa hupita ndani ya pete ya gegedu iliyofunga duara zima. Sehemu nyingine za bomba la hewa zina gegedu lenye umbo la kwato, nyuma kuna nyama laini inayoweza kutanuka. Pete hii haitanuki. Utando wa ndani ukivimba hapo, hauna pa kwenda isipokuwa katikati, kwenye nafasi ileile ya hewa. Kwa mtu mzima uvimbe wa milimita 1 humkausha sauti tu. Kwa mtoto mdogo mwenye njia yenye upana wa kama milimita 5, uvimbe huohuo pande zote humwachia milimita 3, na eneo la kupitishia hewa linabaki kidogo zaidi ya theluthi moja ya lile la awali.

Ndiyo maana mtoto anayelia huonekana mgonjwa mara mbili zaidi. Akilia huvuta hewa kwa nguvu, na koo laini linapovutwa kwa nguvu hujikunja kwa ndani, kama mrija laini wa juisi unapofyonzwa kwa pupa. Hewa inapungua, mtoto anaogopa, anavuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo wazazi wanaohangaika, wanaopiga kelele, wanaompokezana mtoto mikononi huku majirani wakiingia, wanamwongezea ugonjwa bila kujua.

Kwa nini usiku? Mwili hutengeneza homoni ya kotisoli, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutuliza uvimbe. Kiwango chake hushuka sana usiku wa manane na kupanda tena kuelekea alfajiri. Inaaminika hilo ndilo linalofanya koo livimbe zaidi saa hizo, na ndilo linaloeleza kwa nini mtoto aliyewatia hofu saa nane anaweza kuwa anakimbizana na kuku saa mbili asubuhi.

Turudi chumbani. Jambo la kwanza ni mama kumpakata mtoto wima mapajani, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake, na kuongea naye kwa sauti ya kawaida. Taa iwe hafifu. Wengine watoke. Kama pua imeziba, asafishwe kwanza kwa matone ya maji ya chumvi ya dukani au kitambaa laini, maana pua iliyoziba nayo hukoroma na kuwapoteza wazazi. Akishatulia, fulana ipandishwe hadi kwapani na mtu mmoja amwangalie kwa dakika nzima bila kumgusa.

Anayetazama anatafuta mambo mawili. La kwanza ni ule mlio: je, unasikika wakati wa kuvuta hewa hata mtoto akiwa kimya mapajani, au unatokea tu anapolia na kukohoa? Mlio wa krupu uko kwenye kuvuta hewa. Mluzi mwembamba unaotoka wakati wa kutoa hewa ni habari ya kifua, kama pumu, na huo ni ugonjwa mwingine. La pili ni ngozi ya kifua. Mtoto anayepata hewa kwa shida huivuta ngozi ndani kila anapopumua: kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua, katikati ya mbavu, na chini ya mbavu pale kifua kinapokutana na tumbo. Simu ikiwa karibu, rekodi video ya nusu dakika hapo hapo. Mara nyingi mtoto hufika kwa daktari akiwa ametulia, na wazazi wanabaki kuiga sauti ambayo hakuna anayeielewa.

Usiku huo wa kwanza, mtoto wetu alipotulia mlio uliisha. Ulirudi alipolia tu. Kifua hakikubonyea, midomo ilikuwa na rangi yake, na alipopewa maji kwa kijiko aliyameza. Hiyo ni krupu nyepesi, na kwa kawaida mtoto wa aina hiyo anaweza kuangaliwa nyumbani.

Kumwangalia nyumbani hakuna mengi. Alale chumba kimoja na mtu mzima anayeamka kirahisi. Anyonye au anywe kidogo kidogo mara nyingi, chochote anachokipenda, kwani mtoto mwenye homa anayekataa kunywa hukaukiwa upesi. Homa au maumivu ya koo yakimsumbua apewe parasetamoli ya maji kwa uzito wake. Chupa nyingi za watoto huandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Kwa mtoto huyu wa kilo 11, mililita 5 hadi 6 zinatosha kila baada ya saa sita, zisizidi mara nne kwa siku nzima. Soma chupa yako, kwa sababu zipo zenye nguvu zaidi. Aspirini mtoto haipewi.

Moshi uondoke. Hapa nazungumzia jiko la mkaa lililoingizwa ndani kuondoa baridi, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, na vilevile ubani na udi, hata pale vinapofukizwa kwa nia njema ya kumwombea mtoto. Koo lililovimba halitofautishi moshi wa heri na moshi wa shari.

Sasa kuhusu mvuke. Kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria ya maji ya moto ni desturi yenye mizizi, na si ya kwetu peke yetu. Hospitali za Ulaya na Amerika nazo ziliwaweka watoto wa krupu kwenye mahema ya ukungu kwa miaka mingi. Kisha zikapima. Mwaka 2006 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya watoto 140 wa krupu waliopewa hewa yenye unyevu wa viwango mbalimbali, na watoto waliopata unyevu mwingi hawakupona vizuri kuliko wenzao. Ukipima faida ambayo haijaonekana dhidi ya mtoto anayejirusha juu ya maji yanayochemka, uamuzi hauna ugumu.

Hewa baridi ni hadithi nyingine. Wazazi wa nchi za baridi wamekuwa wakisimulia kwamba mtoto hupata nafuu wakiwa njiani kwenda hospitali, na mwaka 2023 utafiti wa Geneva, Uswisi, uliwapa sehemu ya haki. Watoto waliokaa nje dakika 30 kwenye baridi chini ya nyuzi 10, pamoja na kupewa dawa, walipungukiwa na dalili haraka kuliko waliobaki ndani. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa utafiti huo hauna kazi, maana baridi hiyo hana. Kwa wa Njombe, Makete au Limuru mwezi wa Julai, kumfunga mtoto blanketi vizuri na kukaa naye barazani dakika chache ni jambo la kujaribu, mradi lisiwe sababu ya kuchelewa pale dalili za hatari zinapoonekana. Halimwongezei mafua. Mafua anayo tayari.

Dawa za kikohozi hazisaidii, kwa sababu hakuna makohozi ya kulainisha wala muwasho wa kutuliza, kuna uvimbe. Zile zinazoleta usingizi ni mbaya zaidi, maana zinamlaza mtoto ambaye unahitaji kumwona anavyopumua. Antibiotiki haiui virusi. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na mafuta ya kuchua yenye mentholi hayafai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Tumebakiza kimeo, na hapa bibi asikilizwe kwa heshima lakini asifuatwe. Sehemu nyingi za Tanzania kikohozi kisichoeleweka cha mtoto husingiziwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na wapo wanaokikata kwa kisu au wembe. Kimeo kiko juu, nyuma ya ulimi. Uvimbe wa krupu uko chini, ng'ambo ya nyuzi za sauti. Anayekata kimeo anakata mahali ambapo ugonjwa haupo, na anamwachia mtoto kidonda kinachoweza kuvuja damu nyingi, kuoza, au kuingiza pepopunda. Mtoto hupata nafuu siku ya tatu kwa sababu krupu huisha yenyewe, na sifa anachukua mkataji. Vivyo hivyo usimfungue mtoto kinywa kwa kijiko ili uchungulie koo. Hutaona kitu, na akipambana njia inaweza kubana zaidi.

Asubuhi mtoto wetu aliamka mchangamfu. Sauti ilikuwa bado imekauka, lakini alikula uji na kucheza. Mchana kutwa hakubweka zaidi ya mara mbili. Hapa ndipo familia nyingi hulegea, ilhali krupu hurudi usiku unaofuata, na mara nyingine usiku wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza. Mzazi anayeishi mbali na kituo cha afya autumie mchana huo: atafute namba ya mwenye gari au bodaboda anayepokea simu usiku, aweke akiba ya nauli na kadi ya kliniki mahali pamoja. Kama kituo kinafikika, ampeleke mtoto mchana huohuo. Hata krupu nyepesi hufaidika na dozi moja ya dawa nitakayoieleza baadaye.

Saa tano usiku kikohozi kilirudi. Safari hii mama alipompakata na mtoto akatulia, mlio haukuisha. Kila pumzi iliyoingia ilikuja nao, na kishimo cha juu ya kifua kilizama kila mara. Mtoto hakutaka kulala chali, alijigeuzageuza, akakataa ziwa.

Mlio usioisha mtoto akiwa ametulia ni alama ya kuondoka nyumbani. Hausubiri asubuhi. Kubonyea kwa kifua nako ni vivyo hivyo. Mtoto wa chini ya miezi 6 mwenye mlio wa aina hii, au aliyewahi kuwekewa mpira wa kupumulia hospitalini, au aliyetoka kuugua surua, asisubiri hata hatua hiyo, kwani surua huweza kuleta krupu kali.

Ziko alama nyingine ambazo zikionekana hatuhesabu tena dakika: mtoto hawezi kulia wala kutoa sauti, amelegea au haamki vizuri, anahangaika kwa namna ambayo hakuna linalomtuliza, au rangi imebadilika. Kwa watoto weusi rangi ya bluu au kijivu haionekani upesi usoni, hivyo tazama ulimi, ufizi na kucha. Na hili naomba lisomwe polepole: mlio uliokuwa mkali ukififia huku mtoto anazidi kulegea, na kifua kimepunguza kubonyea, hajapona. Amechoka kuvuta. Hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata haitoi kelele. Mtoto anayepona mlio hupungua huku anachangamka, anadai maziwa, anamtambua mama yake.

Safarini abaki wima mbele, mapajani mwa mtu aliyemzoea, mdomo na pua vikiwa wazi. Asifungwe mgongoni kwa kanga, kwani kifua hubanwa na hakuna anayemwona uso.

Wakati huo mzazi ajiulize pia kama kweli ni krupu. Kama mtoto hakuwa na mafua wala homa, na mlio ulianza ghafla akiwa anakula au anacheza, fikiria karanga, punje ya mahindi au shanga iliyoingia njia ya hewa, na uwaambie wahudumu hivyo tangu mlangoni. Kama homa ni kali, hakuna kikohozi cha kubweka, mate yanamchuruzika kwa kushindwa kumeza, na anakaa ameinama mbele huku kidevu amekitoa, kifuniko cha koromeo kinaweza kuwa kimevimba kwa bakteria, hali inayoweza kufunga njia yote kwa saa chache. Chanjo ya watoto yenye kinga tano imeifanya hali hiyo kuwa nadra, na ndiyo hiyohiyo inayokinga dondakoo, ugonjwa mwingine unaoziba koo kwa utando wa kijivu. Mtoto asiye na chanjo kadi yake isifichwe kwa aibu, mhudumu anahitaji kujua. Kifaduro, ambacho wengi hukitaja wakisikia kikohozi cha ajabu, hukaa kwa wiki nyingi. Hukohoza mfululizo hadi mtoto aishiwe pumzi, na mara nyingi atapike. Krupu haina subira hiyo, mbweko wake huisha kwa siku mbili tatu.

Kituoni mama alisema sentensi moja iliyofanya kazi kuliko maelezo marefu: “Anatoa mlio akivuta pumzi hata akiwa ametulia.” Mhudumu mzoefu hakumlaza mtoto kitandani wala kumtoboa sindano kwanza. Alimwacha kwa mama, akamwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, akahesabu pumzi kwa macho.

Dawa kuu ya krupu ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani jamaa wa ile kotisoli inayopungua usiku. Kipimo kinachotumiwa sana ni miligramu 0.6 kwa kila kilo, kwa hiyo kilo 11 zikadai miligramu 6.6. Ilitolewa mara moja tu, kwa mdomo. Pale ambapo hakuna vidonge vya kutosha au mtoto anatapika, dawa ya sindano inaweza kunywewa au kuchomwa. Haifanyi kazi papo hapo. Nafuu huanza ndani ya saa chache, na nguvu yake hubaki mwilini siku mbili hivi, ambao ndio muda krupu inahitaji kujiishia. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2004, uliowahusisha watoto 720 wenye krupu nyepesi, ulionyesha kwamba dozi moja ilipunguza kwa karibu nusu idadi ya waliolazimika kurudi kwa daktari. Dawa hii si ya kununua dukani na kujaribia nyumbani, kwani steroidi huficha magonjwa mengine na kipimo hutegemea mizani.

Kwa kuwa mtoto wetu alikuwa anabonyea kifua, hangeweza kusubiri saa hizo mikono mitupu. Alivutishwa adrenalini kwa nebulaiza, mashine inayoigeuza dawa kuwa ukungu, mama akiwa ndiye aliyeshika barakoa karibu na uso. Adrenalini husinyaza mishipa ya damu ya utando uliovimba, na ndani ya nusu saa mlio ulikuwa umepungua. Lakini hii ni dawa ya kukopa muda. Baada ya kama saa mbili nguvu yake huisha na uvimbe unaweza kurudi pale pale ulipokuwa. Mzazi anayeona mtoto anacheka na kuomba ruhusa ya kuondoka akatazwe. Mtoto hubaki chini ya uangalizi kwa saa mbili hadi nne tangu aivute, mpaka deksamethasoni ichukue zamu. Zahanati isiyo na mashine hiyo wala oksijeni inaweza kutoa dozi ya deksamethasoni kisha ikampa rufaa mtoto mara moja, na mzazi ana haki ya kuuliza kama amepewa kabla ya kupandishwa gari.

Ni wachache mno wanaofikia kuwekewa mpira wa kupumulia, na hata hao wengi hutolewa baada ya siku chache uvimbe ukishapungua.

Mtoto alitoka alfajiri bila mlio, akinyonya. Siku zilizofuata kikohozi kiligeuka kuwa cha kawaida, chenye makohozi, na sauti ilirejea kabla ya wiki kuisha. Akipata mafua mengine krupu inaweza kujirudia, maana virusi vinavyoileta ni vingi na koo lake bado ni jembamba. Lakini ikimrudia mara kwa mara, ikimpata kabla ya miezi 6, au mlio ukibaki hata siku anazokuwa mzima, hapo koo lenyewe linaweza kuwa na kasoro, na mtoto anahitaji kuangaliwa na daktari bingwa wa masikio, pua na koo.